Barua ya kuomba kazi ya afisa mikopo: hesabu ya mwani, ya mwezi na ya mchezo



Sisi ni watatu tunaoshika funguo za kisanduku cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huku mashariki ya Unguja. Wenye vikundi vya hisa wanakijua kisanduku hicho: kina kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na hakifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Mtindo huu ulianzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, ukafika mpaka kwetu. Mwaka uliopita ushirika mmoja wa akiba na mikopo ulitangaza nafasi ya afisa mikopo, na mmoja wetu akaomba. Barua ilikuwa yake, lakini tuliiandika sote watatu, usiku kwa usiku, baada ya Isha. Leo tunaeleza tulivyoiandika, kwa sababu wengi wenu mna ujuzi wa kazi hii bila kujua kwamba unaweza kuandikwa kwenye barua.

Kabla ya kuandika neno lolote tuliuliza kuhusu riba. Kwa afisa mikopo jambo hili haliko mbali, maana yeye ndiye mwandishi wa mkataba, na hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi Muslim inamtaja mwandishi wa riba na mashahidi wake pamoja na anayeila na anayeitoa. Jina la Kiislamu kwenye kibao cha ofisi halikututosha. Tulikwenda tukauliza mambo matatu. Je, ushirika unanunua bidhaa yenyewe na kuimiliki kabla ya kumuuzia mteja, au unampa fedha taslimu na kuiita murabaha? Je, bei ikishakubaliwa inaweza kuongezeka mteja akichelewa? Na je, ile faini ya kuchelewa inakwenda wapi? Tukajibiwa kwamba wananunua bidhaa kwanza, bei haibadiliki, na faini inatolewa sadaka bila kuingia kwenye faida. Hapo tukaridhika, tukakaa kuandika.

Tangazo lilitaka mtu "anayeijua jamii na mwenye uwezo wa hesabu". Ni maneno mepesi kuyarudia. Anaweza mtu kuandika "naijua jamii yangu vizuri na napenda hesabu", na waombaji wengine wote wakaandika hivyo hivyo. Msomaji wa barua ofisini hana njia ya kujua nani anasema kweli. Tukaona bora tumwoneshe mteja mmoja na mkopo mmoja, tupige hesabu mpaka mwisho. Hatukumtaja mtu wa kweli. Tulimtengeneza mama wa mfano kutokana na maisha tunayoyaona kila siku, kwa sababu siri za kisanduku ni amana na hazibebwi kwenye barua ya kazi.

Mama huyu analima mwani na kila alfajiri anapika maandazi ya kuuza. Anataka cherehani ya umeme pamoja na mashine ya kupindia ncha za vitambaa, ile mafundi wanayoiita ovaloki, ashone madera na sare za harusi. Bei ya vyote viwili ni shilingi 600,000. Ushirika unaweka faida ya asilimia 12, yaani 72,000, kwa hiyo atadaiwa 672,000 kwa miezi 12. Kila mwezi ni 56,000. Je, apewe?

Tukaanza na maandazi. Ukimuuliza mfanyabiashara mdogo "unapata faida kiasi gani kwa mwezi?" atakujibu kwa kukisia, na si kwa nia ya kudanganya. Hajawahi kuitenga faida na fedha ya kula. Mwulize unga. Unga anaununua kila siku na kiasi chake anakijua hata usingizini. Mama wetu anakanda kilo 2 kwa siku. Kila kilo inatoa maandazi kama 30, basi ni maandazi 60, na kwa shilingi 200 moja anapata 12,000. Unga, sukari, nazi, hamira, mafuta na kuni vinakula 8,000. Inabaki 4,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 104,000 kwa mwezi. Ukitaka kuhakikisha, nenda duka anakonunua unga, au pita kwake asubuhi moja uhesabu yaliyobaki kwenye beseni saa mbili.

Kisha mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, kwa hiyo sasa kuna mabinti wanaolima mashamba waliyoachiwa na bibi zao. Mwani unakaa majini wiki kama sita, na kuuvuna na kuufunga upya hufanyika wakati wa bamvu, maji yanapokauka sana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Ndiyo kusema fedha ya mwani inafuata mwezi wa angani, wala haijui tarehe za ofisi. Tuliweka kilo 150 za mwani mkavu kwa mwezi mzuri, kwa bei ya mfano ya shilingi 800 kwa kilo. Hiyo ni 120,000. Toa kamba, taitai na usafiri 20,000, inabaki 100,000.

Lakini si kila mwezi ni mzuri. Katika joto la kaskazi maji ya kina kifupi yanapata moto na mwani unaoza kwenye kamba. Masika inapoingia, hata uliopona unakuwa taabu kuukausha. Kwa miezi mitano, Januari mpaka Mei, tuliweka kilo 60 tu. Ni 48,000, na ukitoa zile 20,000 zinabaki 28,000. Matumizi ya nyumbani yanayomwangukia yeye ni 110,000 kila mwezi, ukame uwepo au neema iwepo.

Sasa jumlisha. Mwezi mzuri ana 104,000 za maandazi na 100,000 za mwani. Toa 110,000, zinabaki 94,000. Mwezi mbaya ana 104,000 na 28,000, toa 110,000, zinabaki 22,000. Kwenye kikundi chetu tuna kanuni kwamba rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki, kwa sababu nusu ya pili ni ya mtoto kuugua, msiba wa jirani na paa kuvuja. Nusu ya mwezi mzuri ni 47,000 na nusu ya mwezi mbaya ni 11,000. Rejesho la 56,000 halitoshei hata kwenye mwezi mzuri. Kwa mwaka mzima, miezi saba mizuri na mitano mibaya, uwezo wake wote ni 384,000, na deni ni 672,000.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Atatokea mtu aseme: "Lakini cherehani itamletea fedha!" Inshallah italeta. Ila fedha hiyo bado haijaonekana, na miezi ya mwanzo fundi mgeni hupewa kazi za kupunguza marinda na kushona mifuko. Deni halisubiri wateja wazoee. Tuliandika kwenye barua kwamba mkopo wa kwanza tunaupima kwa fedha iliyopo tayari, na kipato cha kifaa kipya tunakihesabu kwenye mkopo wa pili, kikiwa kimeshaonekana daftarini.

Basi tukapunguza ombi. Cherehani peke yake ni 300,000. Ukiongeza faida ya 36,000, bei ya kuuziwa ni 336,000. Ovaloki isubiri. Kwa sasa ncha atampelekea fundi mwenzake kwa malipo kidogo.

Ukigawa 336,000 kwa miezi 12 unapata 28,000, na kwa macho ni nzuri kabisa, maana mwezi mzuri ana nafasi ya 47,000. Angalia mwezi mbaya. Amebakiwa na 22,000 zote, na rejesho ni 28,000. Kila mwezi wa Januari mpaka Mei atapungukiwa na 6,000, hata kama hakuna mtoto aliyeugua. Atakwenda kukopa kwa jirani ili amlipe mkopeshaji, au ataanza kujificha. Ofisini ataandikwa "mteja msumbufu", na kijijini watasema hana mwamana. Mama ni yule yule, bidii ni ile ile. Kilichomwangusha ni ratiba.

Tukapanga ratiba nyingine. Miezi saba mizuri alipe 43,000 kila mmoja, jumla 301,000. Miezi mitano mibaya alipe 7,000 kila mmoja, jumla 35,000. Ukijumlisha ni 336,000 kamili. Ushirika haupotezi hata shilingi, bei haijabadilika, na hakuna mwezi unaovuka nusu ya kinachobaki. Na siku ya kulipa tukapendekeza iwe ndani ya siku chache baada ya mwani kuuzwa. Tarehe 5 ya kila mwezi haimfai, maana inaweza kuangukia maji mafu, wakati mkononi hana kitu.

Aya yenyewe kwenye barua ilikuwa hivi:

"Nimepima ombi la mfano la shilingi 672,000 kwa mkulima wa mwani na kupendekeza lipunguzwe hadi 336,000, kwa ratiba ya 43,000 kwa miezi saba na 7,000 kwa miezi mitano ya kaskazi na masika. Kwa rejesho sawa la 28,000 mteja huyu angechelewa miezi mitano mfululizo, ingawa kipato chake cha mwaka kinatosha. Karatasi ya hesabu nimeiambatanisha."

Karatasi hiyo ilikuwa ukurasa mmoja, kwa mkono, mistari imenyooka, kila jumla imepigwa mara mbili. Vyeti vya skuli vilifuata nyuma yake.

Baada ya hesabu tulitaka kuonesha yale yasiyokuwemo kwenye fomu yoyote. Tulichagua mawili tu.

La kwanza ni mchezo. Fomu inauliza kama mteja ana deni benki, na atajibu hana, na ni kweli. Lakini chukulia wanawake kumi wanatoa 20,000 kila mwezi, na yeye zamu yake ilikuwa ya pili. Ameshakula 200,000, ameshatoa mara mbili, na mbele yake ana miezi minane ya kutoa. Huyo anadaiwa 160,000, na anadaiwa na mashoga zake, ambao atawalipa kabla ya kuilipa ofisi. Kwenye hesabu yetu, 20,000 za mchezo zikiondoka mwezi mbaya zinabaki 2,000, na hata lile rejesho dogo la 7,000 halilipiki. Aliye na zamu ya tisa ni kinyume chake, maana amejiwekea akiba na fedha inamjia. Kwa hiyo ukisikia mtu yumo kwenye mchezo, uliza ni watu wangapi, ni kiasi gani, na zamu yako ilikuwa ya ngapi.

La pili linawahusu mabibi harusi wetu. Harusi nyingi zinarundikana kabla ya Ramadhani na katika Mfunguo Mosi. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, na siku hizi inaangukia Februari na Machi. Tazama basi: joto la kaskazi, maandazi ya asubuhi yanasimama na mama anageukia kaimati na vibibi vya kufuturia, nguo za sikukuu zinadaiwa, kisha shughuli ya binti inafuata, na baada yake masika. Daftari la miaka kumi iliyopita halitakuonesha hivyo, kwa sababu wakati huo Ramadhani ilikuwa katikati ya mwaka. Afisa anatakiwa ashike kalenda mbili kwa pamoja, ya mwezi na ya misimu ya upepo. Mama akiomba mkopo wa biashara na binti yake amechumbiwa, swali la adabu ni hili: "Bibi, shughuli inshallah lini, na gharama zake zimeshapata mwenyewe?" Kama kuna kaka, wajomba au zamu ya mchezo iliyotengwa, mkopo unaendelea. Kama fungu halipo, ni heri kusubiri shughuli ipite.

Hapo panahitaji uangalifu mkubwa. Kujua mambo ya watu kunaweza kugeuka umbea kwa hatua moja. Tuliloliandika ni kwamba habari ya kijijini inakupa swali la kumwuliza mteja mwenyewe, uso kwa uso, na jibu lake ndilo linaloandikwa. Hakunyimwi mtu mkopo kwa maneno ya kisimani.

Mwenzetu aliitwa kwenye usaili. Walikuwa watu wawili, mama mmoja wa makamo na kijana wa hesabu. Kijana akampa karatasi: mikopo yote iliyopo nje ni 12,000,000. Wateja watatu wamechelewa zaidi ya siku 30, kila mmoja amekosa rejesho moja la 28,000, na salio la wote watatu ni 600,000. Mikopo iliyo hatarini ni asilimia ngapi? Mtego uko kwenye zile 84,000 zilizokosekana, ambazo ni asilimia 0.7 tu. Lakini kinachohesabiwa kuwa hatarini ni salio lote la aliyechelewa, kwa kuwa aliyeshindwa leo huenda asilipe tena kilichobaki. Ni 600,000 kwa 12,000,000, yaani asilimia 5. Akajibu hivyo na kueleza sababu.

Kisha mama akamwuliza: "Mwanangu, hawa wote ni jamaa zako na mashoga zako. Mmoja akichelewa, utamwambiaje?"

"Mama, nitakwenda kabla hajachelewa," akajibu. "Nitakwenda maji mafu, maana siku za bamvu saa nne asubuhi yumo baharini. Nitamwuliza mwani umekwendaje. Akiwa amekwama kweli, nitaleta ofisini ombi la kusogeza muda, bei ikibaki ile ile. Na kama ni ndugu yangu wa damu, faili lake nitaomba ashike afisa mwengine."

Mama akaandika kitu, hakusema neno. Wenye kusoma Surat al-Baqara wanajua kwamba aya ya 280 inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi, na aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote, inaamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake. Kazi ya afisa mikopo imekaa baina ya aya hizo mbili.

Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Alipokwenda kuanza alitukabidhi ufunguo wake wa kisanduku, maana haifai mtu mmoja kushika fedha za kikundi na huku akiwapimia mikopo wanakikundi hao hao. Ufunguo sasa anao jirani yetu anayeuza vitumbua, na yeye tumeshaanza kumfundisha kuuliza unga kabla ya kuuliza faida.

Allah atujaalie rizki za halali na madeni mepesi kulipika. Amin.